Varianzi ya jumla na ya tofauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashine mbili za kujaza chumvi

Hesabu zote hapa zinafuata mfano mmoja. Kiwanda kidogo cha Malindi kinapokea chumvi ya bahari kutoka mashamba ya upande wa Gongoni na kuifunga kwenye pakiti zilizoandikwa gramu 500. Kuna mashine mbili. Mashine A hujaza kwa wastani gramu 506, na mkengeuko wake sanifu ni gramu 3. Mashine B hujaza kwa wastani gramu 504, na mkengeuko wake sanifu ni gramu 4. Pakiti moja ya A na moja ya B hufungwa pamoja kwa plastiki ya kubana na kuuzwa kama jozi ya kilo moja. Kiwanda ni cha kubuni ili hesabu zitoke safi, lakini matatizo yanayotajwa ndiyo yanayokuta chumvi ya pwani.

Varianzi ni nini hasa, na kwa nini tusitumie mkengeuko sanifu peke yake?

Chukua uzito wa kila pakiti, toa wastani, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Wastani wa miraba hiyo ndio varianzi, na kipeuo chake cha pili ndicho mkengeuko sanifu. Kwa mashine A varianzi ni 9, kwa B ni 16, na kipimo chake ni gramu za mraba.

Gramu za mraba hazina maana yoyote kwa mtu aliyesimama mbele ya mizani. Ndiyo maana ripoti za kiwandani huandika mkengeuko sanifu. Lakini unapounganisha vitu viwili, kinachojumlishika ni varianzi. Kwa hiyo utaratibu ni ule ule kila mara: geuza mikengeuko kuwa varianzi, fanya hesabu yako huko, kisha rudi kwenye gramu kwa kipeuo cha pili mwishoni kabisa.

Jozi moja ina uzito gani, na inayumba kwa kiasi gani?

Wastani wa jumla ni jumla ya wastani: 506 + 504 = gramu 1,010. Hili ni kweli hata kama mashine zinaathiriana.

Varianzi inahitaji sharti. Kama uzito wa pakiti ya A haukuelezi lolote kuhusu uzito wa pakiti ya B inayofungwa nayo, yaani vigeu nasibu hivi viwili ni huru, basi:

```
Var(A + B) = Var(A) + Var(B) = 9 + 16 = 25
```

Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Mkengeuko sanifu wa jozi ni gramu 5, wala si 7. Anayejumlisha 3 na 4 anachukulia kwamba kila A inapopungua, B nayo inapungua wakati huo huo na kwa uwiano ule ule. Mashine zilizo huru hazifanyi hivyo. Mara nyingi moja inazidisha wakati nyingine inapunguza, na sehemu ya makosa yao hufutana.

Kwa nini tofauti nayo inajumlisha varianzi? Si tungetoa?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote. Tuseme unataka kujua pakiti ya A inazidi ya B kwa gramu ngapi. Wastani wa tofauti ni 506 − 504 = 2. Hapo tumetoa, sawa. Varianzi ya tofauti, hata hivyo, ni 9 + 16 = 25, ile ile ya jumla.

Jaribu kutoa uone kinachotokea: 9 − 16 = −7. Varianzi ni wastani wa miraba, na mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo kanuni ya kutoa inavunjika kwenye mfano wa kwanza kabisa. Na kama mashine zote mbili zingekuwa na varianzi 16, kutoa kungekupa sifuri, maana yake pakiti ya A na ya B zingetofautiana kwa kiasi kile kile kila siku bila kuyumba. Hakuna anayepima chumvi atakayekubali hilo.

Sasa tuone kwa namba zinazoshikika. Fikiria A inatoa uzito wa aina mbili tu, 503 au 509, kwa nafasi sawa. Wastani ni 506 na varianzi ni 9. Fikiria B inatoa 500 au 508, nayo kwa nafasi sawa. Wastani ni 504 na varianzi ni 16. Zikiwa huru, michanganyiko minne inatokea kwa nafasi sawa:

| A | B | A + B | umbali kutoka 1,010 | A − B | umbali kutoka 2 |
|---|---|---|---|---|---|
| 503 | 500 | 1,003 | −7 | 3 | 1 |
| 503 | 508 | 1,011 | 1 | −5 | −7 |
| 509 | 500 | 1,009 | −1 | 9 | 7 |
| 509 | 508 | 1,017 | 7 | 1 | −1 |

Miraba ya safu ya jumla ni 49, 1, 1 na 49. Inafika 100, na ukigawa kwa 4 unapata 25. Miraba ya safu ya tofauti ni 1, 49, 49 na 1, nayo inafika 100, hivyo 25 tena. Tazama vizuri mahali zile 49 zilipokaa. Jumla inaenda mbali pale mashine zote mbili zinapokosea upande mmoja. Tofauti inaenda mbali pale moja inapopungua na nyingine inapozidi. Mashine zikiwa huru, hali hizo mbili hutokea sawa kwa sawa, basi jumla na tofauti huyumba sawasawa.

Kuna njia ya kuonyesha hilo kwa aljebra bila jedwali?

Ipo, na ni fupi. Umbali wa A kutoka wastani wake uite a, wa B uite b. Umbali wa jumla ni a + b, na mraba wake ni a² + 2ab + b². Umbali wa tofauti ni a − b, na mraba wake ni a² − 2ab + b². Alama ya kutoa inabaki kwenye kipande cha katikati tu, kwa sababu kwenye b² imekwisha kumezwa na mraba.

Ukichukua wastani, a² inakuwa varianzi ya A na b² inakuwa varianzi ya B. Wastani wa ab ndio unaoitwa kovarianzi. Mashine zikiwa huru kovarianzi ni sifuri, kwa kuwa kwa kila thamani ya a, b huanguka juu na chini ya wastani wake kwa namna inayojisawazisha. Zisipokuwa huru, kanuni kamili ni hii:

```
Var(A + B) = Var(A) + Var(B) + 2 Cov(A, B)
Var(A − B) = Var(A) + Var(B) − 2 Cov(A, B)
```

Yaani ile alama ya kutoa ambayo watu wanaitafuta haikupotea. Iko mbele ya kovarianzi.

Jozi ngapi zitakuwa chini ya kilo moja?

Hapa tunahitaji kitu cha ziada: umbo la mtawanyo. Kanuni ya varianzi haijali umbo, lakini uwezekano unajali. Uzito wa kujaza kwa mashine mara nyingi unakaribia mtawanyo normali, ule wa mchoro wa kengele, kwa hiyo tuuchukue huo.

Kutoka 1,010 hadi 1,000 ni gramu 10, sawa na mikengeuko sanifu 2. Zaidi ya mikengeuko 2 chini ya wastani kuna takriban asilimia 2.3. Katika jozi 1,000 tutegemee 23 hivi zilizopungua. Aliyetumia 7 badala ya 5 angepata asilimia 7.7, angeogopa, na angeongeza chumvi ya bure kwenye kila jozi.

Linganisha na pakiti moja moja. A iko gramu 6 juu ya 500, mikengeuko 2, basi asilimia 2.3 hupungua. B iko gramu 4 juu, mkengeuko 1 tu, basi asilimia 15.9 hupungua. Jozi inaficha udhaifu wa B, kwa sababu ziada ya A inaufunika. Kama kila pakiti ina maandishi yake ya gramu 500, basi mnunuzi anayekata ile plastiki na kupima pakiti ya B peke yake ana haki ya kulalamika, na jumla nzuri ya jozi haimsaidii mwenye kiwanda.

Na tofauti inatumika wapi? Nani anajali A − B?

Anajali fundi anayefunga jozi. Pakiti mbili zenye ujazo tofauti sana hufanya plastiki ikunjamane upande mmoja, na dukani jozi inaonekana imepunjwa. Tuseme zaidi ya gramu 10 za tofauti, upande wowote, inahesabiwa kasoro. Tofauti ina wastani 2 na mkengeuko sanifu 5. Kuzidi +10 ni mikengeuko 1.6 juu, asilimia 5.5. Kushuka chini ya −10 ni mikengeuko 2.4 chini, asilimia 0.8. Jumla ni asilimia 6.3.

Swali jingine la aina hiyo: pakiti ya B inakuwa nzito kuliko ya A mara ngapi? Hapo tofauti iko chini ya sifuri, yaani mikengeuko 0.4 chini ya wastani, na jibu ni asilimia 34. Mtu mwenye mazoea ya kupima jozi moja tu na kuishusha B kila anapoiona ni nzito kuliko A, atakosea mara moja katika kila jozi tatu hivi anazopima.

Tunajuaje kwamba mashine zetu kweli ni huru?

Usiamini kwa sababu zina mota mbili. Pima.

Chukua jozi kwa mpangilio zinavyotoka, pima pakiti ya A na ya B kila moja peke yake, na andika kwenye mstari mmoja. Usipime pakiti zote za A asubuhi na za B alasiri, kwani hapo umeshapoteza habari yenyewe unayoitafuta. Huu hapa mfano wa jozi 8:

| Jozi | A | B | A + B | A − B |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 506 | 498 | 1,004 | 8 |
| 2 | 502 | 505 | 1,007 | −3 |
| 3 | 509 | 502 | 1,011 | 7 |
| 4 | 508 | 509 | 1,017 | −1 |
| 5 | 503 | 500 | 1,003 | 3 |
| 6 | 510 | 503 | 1,013 | 7 |
| 7 | 505 | 508 | 1,013 | −3 |
| 8 | 505 | 507 | 1,012 | −2 |

Wastani ni 506, 504, 1,010 na 2. Jumla ya miraba ya mikengeuko ni 56 kwa A, 108 kwa B, 166 kwa jumla na 162 kwa tofauti. Kwa kuwa hii ni sampuli, na wastani wenyewe umetokana na data hizo hizo, tunagawa kwa 7 na si kwa 8. Varianzi zinakuwa 8.0, 15.4, 23.7 na 23.1.

Sasa soma namba mbili za mwisho. Zinakaribiana, na zote ziko karibu na 8.0 + 15.4 = 23.4. Hiyo ndiyo dalili ya uhuru. Ukitoa varianzi ya tofauti kutoka kwa ile ya jumla unapata kovarianzi mara nne, hivyo hapa kovarianzi ni 0.6 ÷ 4, kama 0.15 tu. Ndogo sana.

Ila jozi 8 ni za kujifunzia hesabu. Kwa jozi 8, kizigeu cha uhusiano kati ya A na B, yaani kovarianzi iliyogawanywa kwa mikengeuko sanifu yote miwili, huweza kuyumba kwa bahati tu kwa kama 0.38 upande huu au ule. Kwa jozi 100 kinayumba kwa kama 0.1. Usitoe uamuzi chini ya jozi 50, na bora zitoke kwenye zamu zaidi ya moja.

Kwenye lahajedwali, uzito wa mashine A ukiwa kwenye safu ya B, wa mashine B kwenye safu ya C, jumla kwenye safu ya D na tofauti kwenye safu ya E:

```
=VAR.S(B2:B101)
=VAR.S(C2:C101)
=VAR.S(D2:D101)
=VAR.S(E2:E101)
=COVARIANCE.S(B2:B101,C2:C101)
=NORM.DIST(1000,1010,5,TRUE)
```

Angalia isitumike `VAR.P`, ambayo hugawa kwa idadi nzima.

Ni nini kinachofanya mashine mbili za chumvi zisiwe huru?

Unyevu kwanza. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewani na kulowa pale unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na chumvi ya bahari isiyosafishwa vizuri, yenye mabaki ya magnesi, huanza mapema zaidi. Malindi, hasa miezi ya masika na asubuhi kabla upepo haujachangamka, kiwango hicho si kigeni. Mashine zinazopima kwa vikombe zinapima ujazo, hazipimi uzito. Chumvi iliyolowa inashikana, inaacha mianya, na kikombe kile kile kinabeba gramu chache zaidi au chache pungufu kuliko jana. Hewa ni moja kwa mashine zote, basi zinahama pamoja.

Sababu ya pili ni hopa moja inayolisha mashine mbili. Hopa ikiwa imejaa, chumvi inashuka kwa mgandamizo na vikombe vinashiba. Ikikaribia kuisha, vyote viwili vinapungua. Sababu nyingine ni umeme unaoshuka ukapunguza mwendo wa skrubu zinazosukuma chumvi kwenye mashine zote mbili kwa pamoja.

Pia kuna uhusiano wa kinyume. Mfungaji hodari anayeona pakiti ya A imelegea akaitafutia ya B iliyojaa anafanya kovarianzi iwe hasi. Jozi zake zitakuwa na uzito uliotulia, lakini tofauti ndani ya jozi itakuwa kubwa. Ukiona varianzi ya tofauti imeizidi sana ile ya jumla, nenda kwenye meza ya kufungia kabla ya kufungua mashine.

Uhusiano ukiwepo, hesabu inabadilika kiasi gani?

Rudi kwenye jedwali la michanganyiko minne. Tuseme mashine zinapungua pamoja na kuzidi pamoja kila mara, kwa hiyo unabaki na mistari miwili tu: 503 na 500, au 509 na 508. Jumla ni 1,003 au 1,017, varianzi 49. Tofauti ni 3 au 1, varianzi 1. Mashine zenyewe hazikubadilika hata kidogo: A bado ina 9 na B bado ina 16.

Huo ni upeo. Hali ya kati ni kizigeu cha uhusiano 0.5. Kovarianzi ni 0.5 × 3 × 4 = 6. Varianzi ya jumla ni 25 + 12 = 37, mkengeuko sanifu gramu 6.1. Varianzi ya tofauti ni 25 − 12 = 13, mkengeuko sanifu gramu 3.6. Jozi zilizo chini ya kilo zinatoka asilimia 2.3 hadi asilimia 5, yaani kutoka 23 hadi 50 katika kila 1,000.

Hatari yake ni kwamba daftari la mashine A linaonyesha 506 na 3 kama kawaida, la B linaonyesha 504 na 4 kama kawaida, na kila fundi anaapa kwamba mashine yake haina neno. Wote wawili wanasema kweli. Malalamiko ya dukani yameongezeka maradufu kwa sababu ya kitu kisichoandikwa kwenye daftari lolote kati ya hayo mawili. Ndiyo maana safu za jumla na tofauti zinafaa kuwekwa tangu siku ya kwanza, na kwamba fomu inayotenga mashine kwenye karatasi mbili, kwa maoni yetu, ni fomu mbaya.

Pakiti mbili za mashine A ni sawa na 2A?

Hapana. Pakiti mbili tofauti za A, zikiwa huru, zina varianzi 9 + 9 = 18, mkengeuko sanifu gramu 4.2. 2A maana yake ni pakiti moja ambayo uzito wake umezidishwa kwa mbili, kosa lake likazidishwa nalo. Varianzi yake ni 4 × 9 = 36, mkengeuko gramu 6. Katika mtihani, maneno "pakiti mbili zilizochaguliwa" yanakupeleka kwenye 18.

Na katoni ya jozi 12?

Wastani ni 12 × 1,010 = gramu 12,120. Varianzi ni 12 × 25 = 300, mkengeuko sanifu gramu 17.3. Kosa la kawaida ni 12 × 5 = 60.

Kwa hesabu hii, katoni kuwa chini ya kilo 12 ni karibu haiwezekani, kwani iko mikengeuko karibu 7 kutoka wastani. Lakini hesabu imechukulia kwamba pakiti zote 24 ni huru. Pakiti za katoni moja hujazwa ndani ya dakika chache, chumvi ile ile, hewa ile ile. Unyevu ukishusha kila pakiti gramu 3, katoni nzima imeshuka gramu 72 kwa mpigo, jambo ambalo mkengeuko wa 17.3 usingelitabiri. Ukipima katoni 20 ukaona mkengeuko wa gramu 40 au 50, usitafute mashine iliyovunjika. Tafuta kilichohama polepole siku nzima.

Tukichanganya pakiti za A na B kwenye mkanda mmoja, varianzi ni 25?

Hapana, hapo hakuna kilichojumlishwa. Kila pakiti inatoka mashine moja tu. Zikichanganyika nusu kwa nusu, wastani ni 505. Varianzi ni wastani wa varianzi mbili, 12.5, pamoja na varianzi ya wastani zenyewe kuzunguka 505, ambayo ni 1. Jibu ni 13.5, mkengeuko sanifu gramu 3.7.

Katoni tupu ina uzito unaoyumba. Tukitoa uzito wake, tujumlishe varianzi?

Hapa kanuni ya "tofauti hujumlisha" huwanasa hata waliosoma. Tuseme chumvi ndani ya katoni ina varianzi 300 na katoni tupu ina mkengeuko sanifu gramu 8, varianzi 64. Katoni iliyojaa ina varianzi 300 + 64 = 364, maana chumvi na boksi ni huru.

Sasa mtu anasema: uzito wa chumvi ni katoni iliyojaa kutoa katoni tupu, basi varianzi ni 364 + 64 = 428. Si kweli. Katoni iliyojaa na boksi lake lenyewe si huru, kwa kuwa boksi zito hufanya katoni iliyojaa iwe nzito. Kovarianzi yao ni 64, na 364 + 64 − 2 × 64 = 300, kama ilivyokuwa. Lakini ukitoa uzito wa boksi jingine lolote lililochukuliwa kwenye rundo, hapo ni huru, na 428 ni sahihi. Kwa hiyo anayepima kila boksi kabla ya kulijaza anapata picha safi, na anayepima boksi moja asiyejali ni lipi anajiongezea yumbo.

Kinyume chake, kama unajua varianzi ya zilizojaa (364) na ya matupu (64), kutoa kunakupa 300 ya chumvi. Hapa kutoa ni halali kwa sababu tunaifungua jumla ya vitu viwili vilivyo huru.

Mizani yetu inazidisha gramu 2. Inaharibu nini?

Wastani wa A na wa B kila mmoja unapanda 2. Wastani wa jumla unapanda 4. Wastani wa tofauti haubadiliki, mradi pakiti zote mbili zimepimwa kwenye mizani ile ile. Varianzi hazibadiliki kabisa, kwani kuongeza namba moja kila mahali hakusogezi pakiti mbali na wastani wake.

Mizani inayotikisika ni jambo jingine. Ikiwa ina mkengeuko wake wa gramu 1, inaongeza 1 kwenye varianzi ya kila kipimo: A inasomeka 10, B 17, na jumla au tofauti 27. Pima pakiti moja mara 20 upate varianzi ya mizani, kisha uitoe.

Tukiwa na fedha za kurekebisha mashine moja, ipi?

B, karibu kila mara. Kushusha mkengeuko wa A kutoka 3 hadi 2 kunaacha varianzi ya jozi 4 + 16 = 20, mkengeuko gramu 4.5. Kushusha wa B kutoka 4 hadi 3, gramu moja vile vile, kunaacha 9 + 9 = 18, mkengeuko gramu 4.2. Mraba unampa mkubwa uzito zaidi.

Kwa mkengeuko wa 4.24, wastani wa jozi unaweza kushushwa hadi 1,008.5 na bado asilimia 2.3 tu zikapungua. Hiyo ni gramu 1.5 zilizookolewa kwa jozi, kilo 15 kwa kila jozi 10,000. Ila usizitoe kwenye B mpaka uangalie pakiti yake peke yake: ikibaki 504 na mkengeuko 3, bado asilimia 9 zinashuka chini ya 500. Afadhali kuzitoa kwenye A na kuipandisha B kidogo, halafu kurudia vipimo vya jozi 50 baada ya kufunga skrubu, kwa kuwa kurekebisha kikombe kimoja kwenye hopa ya pamoja huweza kubadilisha mtiririko wa kile kingine.